Barua kwa mdogo wangu: "Kulala usiku mzima" ni saa ngapi hasa?

Mdogo wangu,

Mtoto wa jirani yako ana miezi mitano na eti analala hadi asubuhi. Wako ana umri huohuo, anaamka mara mbili, nawe umeanza kuhisi ana kasoro. Kwanza muulize jirani: analala kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi? Watafiti wa London, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1957, waliona inatosha mtoto asiposumbua wazazi kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri. Hizo ni saa tano tu. Wengine siku hizi wanahesabu saa sita, wengine nane.

Tena angalia, mtoto kutowaamsha wazazi si sawa na kutoamka. Usingizi wa mtoto mchanga huenda kwa mizunguko ya kama dakika 50, ilhali wako wewe mtu mzima ni kama 90. Mwisho wa kila mzunguko usingizi unakuwa mwepesi: anajinyonganyonga, anaguna, macho yanachezacheza chini ya kope, pengine anatoa kilio kifupi. Hapo wengi hukosea kwa kumnyakua haraka, wakamwamsha mtoto ambaye bado amelala. Msikilize dakika moja au mbili. Kama ananyamaza, mwache. Akianza kutafuta ziwa au kunyonya mikono, mpe.

Hebu tuutazame usiku wa mwanao ulivyo. Analala saa mbili usiku, anaamka saa saba, ananyonya, analala hadi saa kumi, ananyonya tena, kisha hadi saa kumi na mbili na nusu. Amelala saa tano mfululizo! Kwa umri wake ni vizuri. Tatizo ni kwamba wewe hupanda kitandani saa tano, ukishamaliza vyombo na nepi, hivyo katika kile kipande kirefu unaambulia saa mbili. Kwa watoto wengi kipande kirefu huwa cha mwanzo wa usiku, na ndicho kinachopaswa kuwa chako. Baba mtu aoshe vyombo, wewe lala saa tatu. Ukishindwa, mnyonyeshe saa tano kabla hujalala, taa ikiwa hafifu na bila kumchangamsha. Kwa baadhi ya watoto hilo husogeza mwamko wa saa saba mbele. Kwa wengine halibadilishi kitu, basi uache.

Kuhusu umri, mtoto wa wiki za kwanza hajui usiku wala mchana na hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku. Huyo hata ukimkuta amelala muda mrefu unamwamsha anyonye, mpaka arudishe uzito aliozaliwa nao, kwa kawaida ndani ya wiki mbili. Kwenye miezi miwili hadi mitatu usiku unaanza kujitenga na mchana, na mwanga wa asubuhi humsaidia. Miezi sita ndipo watu wanapotarajia muujiza. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2018 ulikuta kwamba katika umri huo watoto 38 katika kila 100 hawakuwa wakilala saa sita mfululizo, na walipofika mwaka mmoja bado walikuwa 28. Ukuaji wao haukuonekana kuwa nyuma ya wenzao.

Na usishangae aliyekuwa akilala vizuri akianza tena kuamka kwenye miezi minane au tisa. Anajifunza kutambaa na kusimama, na ameanza kuelewa kwamba ukitoka chumbani umeondoka kweli. Meno yatalaumiwa, mara nyingi bure.

Mama mkwe atakuambia umpe uji wa jioni ili ashibe. Muitikie kwa heshima, ila usimpe kabla ya miezi sita. Uji mwepesi unajaza tumbo dogo na kuchukua nafasi ya maziwa yenye virutubisho zaidi, na kuamka kwenyewe hakutokani na njaa peke yake.

Usiku usimnyonyeshee kwenye kochi ukiwa na usingizi. Ukisinzia, anaweza kubanwa kati yako na mto akakosa hewa. Kila ukimrudisha, mlaze chali, chandarua kikiwa kimechomekwa.

Kitu cha kukukimbiza hospitali si idadi ya miamko. Ni mtoto anayekataa kunyonya, mwenye homa, anayehema haraka au kwa shida, aliyepata degedege, au anayelala fofofo hata kumwamsha anyonye ni kazi. Huyo wa mwisho ndiye anayewadanganya watu, maana nyumba nzima inafurahi kwamba leo amelala.