Ada zinazokula akaunti iliyolala

Ndugu Mhariri,

Mabenki yetu hapa Uganda huchapisha orodha za ada zao magazetini, kwenye tovuti na kwenye kuta za matawi, na Benki Kuu, kwa Miongozo ya Kuwalinda Watumiaji wa Huduma za Fedha ya mwaka 2011, inawataka wateja waelezwe gharama hizo waziwazi. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba ada hizi zimefichwa. Ninachosema ni kwamba orodha imepangwa kwa namna ambayo ada anazoziona msomaji kwanza, yaani za kufungua akaunti, kuweka na kutoa pesa, sizo zinazopunguza salio la mtu asiyefanya lolote. Hizo ziko chini zaidi, nyingine katika sehemu ya kadi, nyingine katika sehemu iliyopewa jina la huduma nyinginezo, na jambo muhimu kuliko yote limeandikwa kwa herufi ndogo mwisho wa ukurasa.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akiba hapa Arua, na wanachama huniletea taarifa zao za akaunti tuzisome pamoja. Mama mmoja anayeuza samaki wakavu alikuja nayo mwezi wa Februari akiwa amekasirika. Akaunti yake huitumia kwa karo tu, na mwezi wa Mei mwaka uliotangulia aliacha humo shilingi 40,000, kisha hakuigusa tena, kwa kuwa karo ya mihula iliyofuata ilibebwa na shemeji yake. Shule zilipofunguliwa aliweka shilingi 200,000 ili alipie muhula wa kwanza, akakuta salio ni 186,525 na malipo ya karo yamekataa. Alikuwa na hakika kwamba mtu ameiingilia akaunti yake.

Tuliiweka taarifa ya akaunti kando ya orodha ya ada ya benki hiyo, tukafuata mstari kwa mstari. Ada ya leja, ambayo benki nyingine huiita ada ya kutunza akaunti, ilikuwa shilingi 2,500 kwa mwezi. Ujumbe mfupi wa kumjulisha mteja mabadiliko ya akaunti ulikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi, hata kama mwezi mzima hakuna cha kumjulisha isipokuwa kwamba amekatwa. Kadi ya ATM ilikuwa shilingi 15,000 kwa mwaka. Lakini kwenye taarifa hakuna mahali palipoonyesha 2,500 wala 1,000 wala 15,000. Palikuwa na 2,875, na 1,150, na 17,250. Hapo ndipo yule mama alipodhani amemkamata mwizi.

Jibu lilikuwa katika ile herufi ndogo ya chini, iliyosema kwamba ada zote zimeandikwa bila ushuru wa bidhaa. Sheria yetu inatoza ushuru huo wa asilimia 15 juu ya ada za benki, zikiwemo za leja, za ATM na za kutoa pesa, ila zile zinazohusu mikopo zimeachwa nje. Pesa hizo haziliwi na benki. Huenda kwa Mamlaka ya Mapato. Lakini kwa mteja tofauti hiyo haibadilishi kitu, maana bei aliyoisoma siyo bei anayoilipa. Anayesoma orodha yoyote ya benki na atafute kwanza maneno hayo, na akiyakuta, kila shilingi 1,000 aihesabu kama 1,150. (Asichanganye ushuru huu na ile asilimia 15 nyingine inayokatwa kwenye riba ya akiba. Hiyo ni kodi ya kile ambacho benki imempa, na kwa akaunti ndogo kama hii riba yenyewe haifikii hata ada ya leja ya mwezi mmoja.)

Sasa hesabu ilijieleza. Leja na ujumbe mfupi pamoja zilikuwa shilingi 4,025 kila mwisho wa mwezi. Kuanzia Mei hadi Julai akaunti ilishuka kutoka 40,000 hadi 27,925. Julai hiyohiyo ada ya kadi ikaja, zikabaki 10,675. Agosti na Septemba zilipopita, salio lilikuwa 2,625. Mwezi wa Oktoba benki ilichukua hizo 2,625 zilizobaki na kuandika deni la 1,400, na kuanzia hapo kila mwezi deni likaongezeka kimyakimya hadi kufikia 13,475 mwishoni mwa Januari. Pesa za karo zilipoingia, deni lote lilikatwa siku hiyohiyo, kabla hata mama hajatoka kwenye foleni ya kaunta. Kwenye taarifa dalili yake ilikuwa wazi kwa anayejua pa kutazama: makato kadhaa yaliyoingizwa tarehe moja, kila moja likiwa na jina la mwezi wake wa nyuma.

Jumla aliyokatwa katika miezi ile tisa ni shilingi 53,475. Kwa bei zilizochapishwa bila ushuru zingekuwa 46,500. Hakuna mwizi aliyeingia, na hakuna kato hata moja ambalo halikuwa kwenye orodha.

Somo ninaloliona humo linahusu safu moja ya orodha ambayo wasomaji wengi huiruka, nayo ni ile inayoonyesha ada inatozwa kwa kipimo gani: kwa mara moja, kwa mwezi, kwa mwaka, au kwa kila ingizo. Ada ya kutoa pesa kwenye ATM ya benki nyingine inaonekana kubwa, lakini mteja anaweza kuikwepa kwa kutokwenda kwenye mashine hiyo. Ada ya mwezi haina pa kukwepea. Ile ya kila ingizo, inayopatikana zaidi kwenye akaunti za hundi na za vikundi, nayo ina hila yake, kwa sababu inamwadhibu anayelipa kidogokidogo mara nyingi. Kikundi chetu kiliacha kulipa mafundi mmoja mmoja kwa sababu hiyo, na sasa tunalipa wote kwa siku moja kupitia mwenzao mmoja.

Orodha, hata hivyo, ina mpaka wake. Inakuambia bei, haikuambii umetozwa mara ngapi, na hilo linaonekana kwenye taarifa ya akaunti pekee, ambayo benki nyingine huitoza ada pia ukiiomba ichapwe tawini. Haikuambii pia ni huduma ipi uliyoandikishwa siku ya kufungua akaunti kwa kuweka alama kwenye fomu. Mama yule aliomba ujumbe mfupi usimamishwe na kadi asiyoitumia ifutwe, na akakubaliwa. Kuifunga akaunti kabisa alikuacha, kwa kuwa kufunga nako kulikuwa na ada yake, mistari miwili chini ya ile ya kadi.

Ombi langu kwa mabenki, na kwa Benki Kuu inayoyasimamia, ni mambo mawili. Kila ada ichapishwe ikiwa na ushuru ndani yake, kama bei ya sukari dukani. Na kwa kila aina ya akaunti kuwe na mstari mmoja unaoonyesha akaunti isiyoguswa kwa mwaka mzima itakatwa shilingi ngapi.

Wako,
Mweka hazina wa kikundi cha akiba,
Arua