Shukrani kwa kijana wa saiba, Malindi

Wewe kijana wa saiba hapa Malindi, jina sikukuuliza ila asante sana. Mimi na mzee mwenye nyumba tulikuja tushaanza kununiana, yeye diposti hairudi mimi inarudi, na PDF ya mkataba inakatika katikati ya sentensi, kipengele cha diposti hakuna, sahihi zetu na za shahidi pia hakuna. Ukaangalia chini ya ukurasa wa mwisho tu, "5/6", yaani wa tano kati ya sita. Ukatuuliza karatasi zilitolewa pini kabla ya kuskaniwa? Kumbe mbili za mwisho zilishikana kwenye tundu za pini, mashine ikazivuta pamoja, ya nyuma haikusomwa. Mzee akataka tuchape ukurasa mpya tusaini na tarehe ya zamani, ukamwambia kwa adabu, "Hapana mzee wangu, huo utakuwa mkataba wa kughushi, leteni karatasi yenyewe." Bahati alikuwa nayo kabatini. Ukaskani upya zote sita, moja moja juu ya kioo, ukatutumia sote faili ileile. Diposti inarudi, ila ikitolewa gharama za matengenezo (hilo nalo nilikuwa silijui hehe). Mzee anakusalimu, ile chenji ni yako.