Hisa imepanda, stradeli imekula hasara: maelezo kwa wateja wetu

"Kaka, nilisema hisa itatikisika, na imetikisika. Sasa nimepotezaje?"

Swali hili linatufikia kila msimu wa matokeo ya robo mwaka ya kampuni za Marekani. Safari hii mteja mmoja kaongeza kwamba ada yetu ya kukagua mkakati ni wizi, kwa kuwa alichotabiri kilitimia na pesa bado imepungua. Kabla hajanunua tulimwandikia kwamba stradeli ile, yaani kununua kwa pamoja haki ya kununua hisa na haki ya kuiuza, ilikuwa ghali. Akainunua. Naona ni heri tuiweke hesabu yenyewe hapa, ili na wengine wanaofikiria kufanya vilevile waione. Bei nimezikadiria na kuziweka katika tarakimu nyepesi, lakini mwenendo ni huohuo.

Kwa ambao hatujafanya nao kazi: wateja wetu wengi ni Watanzania na Wakenya wanaoishi Marekani na wenye akaunti kwa madalali wa huko. Hatushiki pesa ya mtu wala hatumbonyezei mtu oda. Unatuletea mkakati, tunaupigia hesabu na kukuandikia utapata au kupoteza kiasi gani bei ikiwa wapi, halafu uamuzi ni wako.

Hisa ilikuwa dola 100, matokeo yalitoka jioni ya siku hiyo, na opsheni, yaani mikataba ya haki ya kununua au kuuza hisa, zilibakiza wiki tatu kwisha muda. Koli ya 100, yaani haki ya kununua hisa kwa dola 100, iliuzwa 4.10. Puti ya 100, haki ya kuuza kwa bei hiyohiyo, ilikuwa 3.90. Mkataba mmoja unabeba hisa 100, kwa hiyo kununua zote mbili kulimgharimu dola 800. Hiyo ndiyo stradeli. Upande wa pili tulimwekea spredi ya koli: nunua koli ya 100 kwa 4.10, uza koli ya 110 kwa 1.10, utoe dola 300 tu.

Siku ya mwisho ya mkataba, hesabu inasoma hivi, kwa dola, ada ya dalali ikiwa kando:

| Bei ya hisa | Stradeli | Spredi ya koli 100/110 |
|---|---|---|
| 85 | +700 | -300 |
| 92 | 0 | -300 |
| 96 | -400 | -300 |
| 100 | -800 | -300 |
| 104 | -400 | +100 |
| 108 | 0 | +500 |
| 115 | +700 | +700 |

Mteja aliangalia mstari wa juu na wa chini, akaona stradeli inalipa pande zote mbili, akaridhika. Sisi tulimwomba atazame katikati. Stradeli inahitaji hisa itoke nje ya 92 na 108 ndipo ianze kukuachia kitu. Spredi inahitaji hisa ipite 103 tu, ila ikishuka hupati kitu, na ikivuka 110 faida yako haiongezeki tena.

Kilichofuata hakimo kwenye jedwali, maana jedwali ni la siku ya mwisho, na mteja alitaka kuuza kesho yake. Asubuhi hisa ilifunguka 105. Imepanda asilimia 5 kwa usiku mmoja. Koli yake ilikuwa 5.85, puti 0.65. Jumla 6.50, wakati alinunua kwa 8.00. Hasara dola 150. Spredi aliyoikataa ilikuwa na thamani ya 5.05, maana koli ya 110 ilishuka hadi 0.80. Angekuwa na faida ya dola 205 kwa mtaji usiofika nusu.

Sababu ni kwamba bei ya opsheni hubeba pia mtikisiko ambao soko linautarajia. Siku ya matokeo kila mtu anajua kwamba kuna habari inakuja, kwa hiyo koli na puti zote zinavimba. Ni kama tiketi ya basi la Dar kwenda Moshi mikononi mwa walanguzi wiki ya Krismasi: tarehe 23 inagombaniwa, tarehe 27 hakuna anayeiulizia. Habari ikishatoka, kile kivimbe kinapotea asubuhi moja. Katika kesi hii mtikisiko uliotarajiwa ulishuka kutoka kama asilimia 42 kwa mwaka hadi kama 25. Aliyenunua stradeli ana opsheni mbili, anaumia mara mbili. Mwenye spredi amenunua moja na kuuza moja, kwa hiyo sehemu ya maumivu inarudi mfukoni mwake kupitia ile aliyouza.

Kwa bei za asubuhi ile, hisa ingepaswa kufika karibu 107 ndipo stradeli irudishe fedha yake. Kwa hiyo kusema "itatikisika" hakutoshi. Wanunuzi wote wa stradeli siku hiyo walisema hivyohivyo, na ndiyo maana ilikuwa dola 800. Anayenunua stradeli anapaswa kuamini kwamba hisa itatikisika zaidi kuliko soko linavyoamini. Kipimo chetu ni rahisi kukieleza, ingawa kinakula muda: tunachukua matoleo 8 yaliyopita ya matokeo ya kampuni hiyo, tunaandika hisa iliruka asilimia ngapi kila mara, kisha tunalinganisha na mruko ambao bei ya leo inaudai. Hisa ya mteja wetu ilikuwa imevuka asilimia 7 mara moja tu kati ya hizo 8. Ndicho tulichomwandikia.

Mwenye mtazamo wa upande mmoja, kwamba hisa itapanda lakini si kwa kuruka, mahali pake ni kwenye spredi. Anayeona itashuka anageuza, ananunua puti ya juu na kuuza ya chini. Stradeli tumewahi kuipitisha bila shaka yoyote kwa mteja aliyeinunua wiki nyingi kabla ya uamuzi wa mahakama uliokuwa ukiisubiri kampuni, wakati opsheni bado ni rahisi na hakuna anayezungumza. Huyo alinunua kabla ya uvimbe.

Sasa njia ya mkato, ambayo ndiyo inaniuma zaidi. Mtu akishaelewa kwamba mnunuzi wa stradeli anaumia baada ya matokeo, siku ya pili anarudi na wazo: "Basi mimi niiuze." Wazo lenyewe si baya. Kama unaamini hisa haitasogea sana, kuuza stradeli ndiyo sura ya imani hiyo, na unapokea dola 800 mkononi. Tunachomwambia ni anunue mabawa: koli ya 110 kwa 1.10 na puti ya 90 kwa 0.90. Mabawa yanakula dola 200, anabaki na 600. Na hapo ndipo mabishano yanapoanza, maana watu wanaona dola 200 inatupwa.

| Bei siku ya mwisho | Kuuza bila mabawa | Kuuza na mabawa |
|---|---|---|
| 75 | -1,700 | -400 |
| 92 | 0 | -200 |
| 96 | +400 | +200 |
| 100 | +800 | +600 |
| 104 | +400 | +200 |
| 108 | 0 | -200 |
| 125 | -1,700 | -400 |

Ni kweli kwamba katikati ya jedwali mabawa yanakupunguzia dola 200 kila mahali. Hatujawahi kulificha hilo. Lakini bila mabawa hasara ya upande wa juu haina mwisho: hisa ikifika 150 ni hasara ya dola 4,200. Na dalali hasubiri siku ya mwisho. Hasara ikikua anataka dhamana zaidi, usipoiweka anakufungia mkataba mwenyewe kwa bei mbaya ya wakati huo. Mteja mmoja aliyebana dola 200 za mabawa alifungiwa hivyo, asubuhi ileile ya matokeo, akiwa bado kitandani. Wiki mbili baadaye hisa ilirudi karibu na ilipotoka, lakini yeye hakuwa na mkataba tena.

Mkato wa pili unafanywa na wenye spredi, tena wakiwa wameshashinda. Ijumaa ya mwisho ya mkataba, hisa iko 109.60. Spredi ya 100/110 iliyonunuliwa kwa 3.00 inaweza kuuzwa karibu 9.50, faida ya dola 650. Kuifunga kunagharimu senti 65 kwa mkataba kwa madalali wengi, yaani dola 1.30 kwa pande zote mbili. Mteja anaamua kuiacha iishe yenyewe.

Koli ya 100 imeisha ikiwa na thamani, na kwa kanuni ya nyumba ya hesabu za opsheni ya Marekani, opsheni yenye thamani ya hata senti moja hutekelezwa yenyewe usipotoa agizo la kukataa. Koli ya 110 uliyouza imeisha bila thamani. Kwa hiyo Jumamosi unaamka na hisa 100 zilizonunuliwa kwa dola 10,000, bila kinga yoyote, na soko limefungwa. Mteja wetu aliamka hivyo. Jumatatu hisa ilifunguka 101. Akaziuza, akapata dola 100 juu ya bei ya kununulia, toa 300 za spredi, hasara 200. Kutoka faida ya 650 hadi hasara ya 200, kwa kukwepa dola 1.30. Kama akaunti isingekuwa na uwezo wa kubeba dola 10,000, dalali angeweza kumfungia mapema mchana wa Ijumaa, na bei ya kufungiwa huichagui.

Ndiyo maana ada yetu ni dola 25 kwa mkakati mmoja na hatupunguzi. Inajumuisha jedwali la siku ya mwisho, makadirio ya siku inayofuata baada ya habari, ile kazi ya matoleo 8, na ukumbusho wa kufunga wiki ya mwisho. Mtandaoni kuna vikokotoo vya bure na ni vizuri, lakini vingi vinakuonyesha kwanza picha ya siku ya mwisho, na mteja wetu wa stradeli alikuwa na picha hiyo mkononi alipopoteza. Haturudishi ada kwa sababu biashara imeleta hasara, kama ambavyo hatudai fungu unapopata faida. Tunairudisha tukikosea hesabu.

Kwa oda za Ijumaa ya mwisho: soko la New York linafungwa saa 10 jioni ya huko, ambayo hapa Dar ni saa 5 usiku wakati wa kiangazi chao na saa 6 usiku wakati wa baridi. Tunapokea maombi hadi saa mbili kabla ya kufungwa. Tuma bei za utekelezaji, kama zile 100 na 110 za hapo juu, tarehe ya kuisha, ulicholipa au kupokea, na kiasi cha fedha kilichomo kwenye akaunti. Na oda ya kufunga iweke pande zote mbili kwa pamoja, kwa bei uliyoitaja mwenyewe. Usifunge upande mmoja kwanza, hasa ule ulionunua, ukabaki na ule uliouza peke yake.