Taarifa ya Mwenyekiti: mwaka wa kuandika lugha moja kwenye rekodi

Wanachama wenzangu, salaam. Mambo ya fedha na uanachama yako kwenye taarifa ya mweka hazina kwaiyo mimi nitaongelea kitu kimoja tu, jinsi tunavyojaza rekodi za lishe kwenye mfumo, manake ndo kazi iliyotula mwaka mzima na bado haijakaa sawa.

Mnakumbuka lile zoezi tulilowatumia wote. Mgonjwa wa mfano, ana ugonjwa wa muda mrefu, urefu sm 165, uzito umetoka kilo 64 mpaka 58 ndani ya miezi 3, ana vidonda mdomoni na kichefuchefu, na kwa wiki 5 amekula kama nusu tu ya nishati anayohitaji. Mgonjwa ni huyo huyo na data ni zile zile, lakini utambuzi wa lishe uliorudi ukawa wa kila aina. Kuna aliyechagua kupungua uzito bila kukusudia, kuna aliyechagua ulaji mdogo kwa mdomo, kuna aliyeweka utapiamlo, na wapo walioacha menyu kabisa wakaandika "anakula vibaya" kwenye kisanduku cha maelezo. Wa kwanza watatu hakuna aliyesema uongo, shida ni kwamba ukiomba mfumo ukuhesabie wagonjwa wenye utapiamlo huyu anaonekana kwa mmoja tu kati yao.

Tulichokubaliana kwenye kamati ni hiki: matokeo ya tathmini kwanza yaingie kwenye sehemu zake, uzito na urefu kwenye vipimo vya mwili, ulaji kwenye historia ya chakula, vidonda kwenye uchunguzi wa mwili, alafu ndo upandishe kuelekea utambuzi. Na kama dalili zinatosha vigezo vya utapiamlo, unaandika utapiamlo, huishii kwenye kupungua uzito, kwa sababu kupungua uzito hapo tayari ni ushahidi wa tatizo kubwa zaidi. Kwaiyo sentensi ya PES ya mgonjwa wetu inasomeka hivi: utapiamlo mkali (Academy/ASPEN), unaohusiana na kushindwa kula kwa sababu ya vidonda vya mdomo na kichefuchefu, kama inavyoonekana kwa uzito kupungua 9.4% kwa miezi 3 na ulaji wa karibu nusu ya mahitaji kwa wiki 5. Chanzo hapo ni kitu ambacho mpango wako unaweza kukigusa, unabadilisha ulaini wa chakula, unaongea na daktari kuhusu dawa ya kichefuchefu. Ukiandika jina la ugonjwa peke yake kama chanzo umejifungia mlango mwenyewe.

Sasa hilo neno "mkali" ndo lililoleta mjadala mrefu kuliko yote na nafurahi lililetwa na mwanachama mpya. Kwa vigezo vya Academy na ASPEN vya 2012, mwenye ugonjwa wa muda mrefu akipungua zaidi ya 7.5% kwa miezi 3 na akala 75% au chini ya mahitaji kwa mwezi au zaidi, hizo ni sifa mbili na ni mkali. Lakini ukimpima kwa GLIM ya 2019, kupungua kati ya 5% na 10% ndani ya miezi 6 ni wa wastani, na BMI yake ya 21.3 haimpandishi. Mtu mmoja, ngazi mbili, na zote halali. Ndo maana tunaomba jina la vigezo liandikwe ndani ya utambuzi wenyewe, kituo kichague kimoja na kibaki nacho.

Kitu kingine kilichotuumiza ni hesabu ya asilimia inayojifanya yenyewe. Kwenye mfumo mmoja tuliojaribu inalinganisha uzito wa leo na wa ziara iliyopita tu, basi kama wiki mbili nyuma alikuwa kilo 59 skrini inasema amepungua 1.7% na hakuna anayeshtuka. Jaza uzito wa mwanzo na tarehe yake, na useme kama ulipimwa au mgonjwa alikwambia tu. Na kama miguu imevimba andika hivyo, maji yanaficha kilo zilizopotea.

Kuhusu misimbo, tafadhali msikariri namba. Utapiamlo uliwahi kuwa NI-5.2 ukahamishiwa NC-4.1, na kituo chenye menyu ya zamani kikiunganisha data na chenye mpya vinahesabu vitu tofauti bila kujua. Muulizeni fundi wa mfumo wenu ni toleo gani liko ndani.

Mwaka ujao kila kituo kitatuma rekodi 10 zisizo na majina, watu wawili wazisome kila mmoja kivyake bila kuuona utambuzi uliowekwa, alafu tulinganishe walichochagua. Pale wanapopishana ndo tutakapokaa pamoja, tukianzia na ulaji mdogo dhidi ya utapiamlo.