Marufuku ya mifuko na mstari uliokuwa ukishuka

Mhariri,

Wapo wanaodai kuwa marufuku ya mifuko ya plastiki, iliyoanza tarehe 1 Juni 2019, ndiyo iliyosafisha fukwe zetu za Tanga, kwa kuwa wastani wa taka baada yake ni mdogo kuliko wa kabla. Wastani huo pekee hauthibitishi kitu. Tuseme mifuko iliyookotwa ilikuwa kilo 100 mwezi wa kwanza, ikawa inapungua kilo 2 kila mwezi kwa miaka miwili kabla ya marufuku: wastani ni kilo 77. Mwenendo huo ukiendelezwa mwaka mmoja mbele, bila sheria yoyote, wastani unakuwa kilo 41. Basi ikiwa kipimo halisi cha mwaka huo ni 41, marufuku haijaonyesha athari, ijapokuwa pengo la kilo 36 linavutia macho. Athari hutafutwa kwenye mstari wa grafu ya vipimo vya kila mwezi unaoporomoka ghafla mwezi Juni, au unaoteremka kwa kasi zaidi baadaye. Hata hapo, kusi hubadilisha kinachotupwa ufukweni (wavuvi wa Sahare wanalijua hilo), hivyo Juni ilinganishwe na Juni zilizotangulia. Chupa za plastiki, ambazo hazikupigwa marufuku, nazo zipimwe. Zikishuka sawia na mifuko, huenda sababu iko kwingine.

Msomaji wako,
Chumbageni, Tanga