Mzee aliuliza: kuhimili nako kunafundishwa?

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya mazingira ya wiki iliyopita nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisoma kama msomaji mwingine yeyote, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, maana kazi yangu hapa Dodoma ni kufasiri nyaraka za miradi na maneno mengi ninayoyatumia nayaokota kwenu. Neno likishatembea magazetini na redioni mwaka mzima, mfasiri hana ubavu wa kulikataa, hata akiona limekaa upande. Ndiyo maana nawaandikia ninyi badala ya kulalamika kwa wenzangu kazini.

Neno linalonisumbua ni "kukabiliana". Katika makala ile limetumika kwa mambo mawili tofauti kabisa. Aya moja inasema viwanda vinakabiliana na mabadiliko ya tabianchi kwa kupunguza gesijoto, na aya inayofuata inasema mkulima wa Kongwa anakabiliana nayo kwa kupanda uwele. Kiwanda kinapunguza chanzo cha tatizo. Mkulima hapunguzi chochote, ila anabadili kilimo chake ili tatizo lisimkute hana chakula. Mkataba wa Paris wa 2015 umeyatenga mambo hayo: kupunguza gesijoto kuko ibara ya 4, na hilo la mkulima liko ibara ya 7. Fedha zake pia hutengwa na kuombwa kwa mafungu tofauti. Kwetu yote mawili yamelazwa kitanda kimoja.

Madhara yake niliyaona kwa macho. Niliwahi kupewa dodoso la mradi mmoja nilifasiri, na swali moja nikaliandika hivi: "Umechukua hatua gani kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi?" Nilijiona nimeandika Kiswahili safi. Tukaenda nalo kijiji kimoja wilayani Chamwino, nami nikawa miongoni mwa waliokuwa wakiuliza na kuandika majibu. Karatasi baada ya karatasi, jibu likawa moja: "Kupanda miti." Wengine walisema hawajachukua hatua yoyote kwa sababu miche haijaletwa.

Watu hao walikuwa wakinijibu wamekaa pembeni ya mashamba ambayo miaka michache nyuma yalikuwa ya mahindi na sasa yana mtama na uwele. Mama mmoja alikuwa na mashimo ya Chololo nyuma ya nyumba, yale madogo ya kupandia yanayozuia maji ya mvua yasikimbie, yamepangwa kwa mstari, na kwenye karatasi yake nikaandika "hakuna", maana ndivyo alivyojibu. Hakunidanganya. Redio imemzoesha kwamba kukabiliana na tabianchi ni kupanda miti siku ambayo kiongozi amekuja na kamera. Kuhama kutoka mahindi kwenda uwele kwake ni kilimo tu. Kwa hiyo kwenye jedwali la mradi, kijiji ambacho kimebadilika sana kilionekana hakijafanya kitu, na kosa lilikuwa langu, la neno nililochagua.

Najua mtasema serikali na wataalamu wanalo neno jingine, "kuhimili", na kwamba baadhi yenu mnalitumia. Ni kweli, na walau linatenganisha. Lakini siku ileile, baada ya salamu za "mbukwenyi", kijana wa mradi alisimama akasema wamekuja kuwajengea wananchi uwezo wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi. Mzee mmoja akainua fimbo. "Mwanangu," akasema, "kuhimili nako kunafundishwa? Babu zetu walihimili Mtunya. Wewe sema kama una mbegu."

Watu walicheka, lakini mzee alikuwa ameshika neno pale lilipo bovu. Mtunya ni ile njaa kubwa ya Ugogo ya mwaka 1917 hadi 1920, na aliyeipitia aliihimili, yaani aliivumilia, alibeba uzito wake akabaki hai. Kuhimili ni kustahimili mzigo ukiwa tayari uko kichwani. Ibara ya 7 inazungumzia kujipanga kabla mzigo haujafika: kubadili mbegu, kubadili tarehe ya kupanda, kuchimba shimo la kuzuia maji yasikimbie. Ukimwambia mtu wa Dodoma, ambako mvua ni za msimu mmoja tu kwa mwaka, kwamba unamfundisha kuhimili, anaona unamfundisha kufunga mkanda.

Mimi ningechagua "kujihami". Mtu hujihami kabla, na mwenye akili hujihami kulingana na anachokiogopa. "Kujihami na ukame" inasemeka redioni bila maelezo, na "hatua za kujihami" zinakaa vizuri katika dodoso. Lina kasoro yake: linamfanya tabianchi kuwa adui, na halifai kwa mtu anayefaidika na mabadiliko, kama yupo. Basi "kuhimili" libaki kwa ule uwezo wa kupigwa na ukame usianguke, "kujihami" liwe la kujipanga, na "kupunguza gesijoto" lisemwe hivyohivyo lilivyo. "Kukabiliana" lipumzike kidogo.

La pili ni "nyayo za kaboni", ambazo mliziweka hata kwenye kichwa cha habari. Hapa sina budi kuuliza: huo unyayo umetoka wapi? Miaka ya 1990, wasomi William Rees na Mathis Wackernagel walibuni kipimo cha eneo la ardhi linalohitajika kumlisha mtu na kubeba taka zake. Jibu lilikuja kwa hekta, kwa hiyo mfano wa mguu ulikuwa na maana, kwa kuwa mguu hukanyaga ardhi na kufunika eneo. Baadaye mguu ukahamishiwa kwenye kaboni, na kampuni ya mafuta ya BP ikaueneza kwa matangazo yake katikati ya miaka ya 2000. Lakini kaboni hupimwa kwa kilo na tani, haipimwi kwa hekta. Mfano ulikuwa umeshapinda hukohuko kwa wenyewe, nasi tukauchukua na kupinda kwake.

Kwetu umepinda zaidi, kwa sababu nyayo katika Kiswahili zina kazi nyingine. Tunafuata nyayo za wazazi. Mtoto akifanya vizuri tunasema amefuata nyayo za baba yake. Sasa mnaandika "tupunguze nyayo zetu", na msomaji wa Majengo sokoni anabaki anajiuliza apunguze kutembea au vipi. Semeni tu "kiasi cha hewa ukaa anachozalisha mtu". Ni ndefu, nakubali, lakini inahesabika. Kijana wa bodaboda anayetia lita 3 za petroli kwa siku anazalisha karibu kilo 7 za hewa ukaa, kwa kuwa lita moja ikiungua hutoa kama kilo 2.3. Hapo mtu ana kitu cha kushika.

Lakini atauliza, na ana haki, inakuwaje lita ya petroli yenye uzito usiofika hata kilo moja itoe kilo mbili na zaidi za hewa. Jibu lake ndilo linaloonyesha kosa kubwa kuliko yote katika makala yenu, pale mlipoandika "tani za kaboni" na "tani za hewa ukaa" kana kwamba ni kitu kimoja. Kaboni, au ukaa, ndicho kile kilichomo ndani ya mafuta, ndani ya mti na ndani ya gunia la mkaa. Ikiungua hukamata oksijeni ya hewani. Kwa kila sehemu 12 za uzito wa kaboni huongezeka sehemu 32 za oksijeni, jumla 44, na hiyo ndiyo hewa ukaa. Kwa hiyo tani moja ya kaboni ikiungua yote ni tani 3.67 za hewa ukaa.

Kwenye makala hilo ni kosa la uhariri. Kijijini ni fedha. Siku hizi vijiji vyenye misitu vinaingia biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa kutunza msitu ili kaboni yake isiende hewani, na kinachouzwa humo, licha ya jina hilo, hupimwa kwa tani ya hewa ukaa. Tuchukue mfano wa kukokotoa tu: kijiji kimezuia msitu kukatwa na kuchomwa, na miti hiyo ina tani 1,000 za kaboni. Bei tuiweke dola 5 kwa tani. Aliyesoma "tani ya kaboni" gazetini atazidisha 1,000 kwa 5 apate dola 5,000, asaini. Hesabu sahihi inaanzia tani 3,667 za hewa ukaa, nayo ni zaidi ya dola 18,000 kabla ya makato. Mwenyekiti wa kijiji akitaka kujua yuko wapi, aulize swali moja: hizi tani ni za kilichomo kwenye mti, au za hewa? Ningefurahi gazeti lenu lingekuwa limemfundisha swali hilo.

(Na "hewa chafu" mliyoitaja mwishoni, tafadhali. Hewa ukaa haina rangi wala harufu. Mkiiita chafu, mtu anatafuta moshi, asipouona anadhani yuko salama.)

Msidhani nasema Kiswahili hakiwezi. "Tabianchi" lenyewe limefaulu kwa sababu lilijengwa juu ya "tabia ya nchi" ya vitabu vya jiografia. Na hapa kwetu kuna "kisiki hai", jina la kazi ya kukuza upya mti uliokatwa lakini mizizi yake ingali na uhai. Unachagua machipukizi machache yenye nguvu, unapogolea mengine, unafunga kitambaa kuwa alama, unalinda mifugo isile. Jina limebeba kazi nzima, na mtoto anaelewa kabla hujamaliza kueleza. Mashimo ya Chololo nayo yamechukua jina la kijiji chao hapahapa Dodoma, na wataalamu wa nje wanayaita hivyohivyo kwa jina letu. Kama mlivyoona, yote mawili yametokana na kitu ambacho mtu anaweza kukigusa.

Dodoso lile tulirudi nalo. Swali nililibadilisha likawa: "Ukilinganisha na zamani, nini umebadilisha shambani kwa sababu ya mvua?" Yule mama wa mashimo ya Chololo alianza na mbegu, akaja kwenye tarehe ya kupanda, akaingia kwenye mbuzi aliowauza na sababu ya kuwauza. Nafasi ya jibu ilikuwa mistari miwili. Nikageuza karatasi, nikaendelea kuandika upande wa pili.

Wenu,
Mfasiri,
Ipagala, Dodoma