Umelipia daktari, mbona umepewa karatasi?

Lalamiko hili tunalisikia sana: "Nimelipa pesa ya kumwona daktari, nimetoka na karatasi ya kujaza." Mteja mmoja aliiacha palepale mapokezi, akasema yeye alifuata dawa. Dawa aliandikiwa. Ila mwenye baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, akikaa mbele ya daktari, daktari anamwona alivyo leo tu. Aliyeshuka leo atakuapia kwamba mwezi mzima ulikuwa mbaya, kumbe wiki mbili za mwanzo alikuwa juu, halali, anapigia watu simu usiku wa manane. Karatasi hiyo, yaani chati ya hisia, ndiyo inayotuonyesha siku ambazo hatukuwepo.

Kila siku ina mstari wake, na kuujaza ni kazi ya dakika mbili kabla ya kulala. Andika hisia kwa namba: 0 ni kawaida yako, +1 umechangamka kupita kawaida lakini kazi inaenda, +2 watu wa nyumbani wameanza kusema, +3 hujimudu tena. Upande wa kushuka ni vivyo hivyo, hadi -3. Ukipanda na kushuka siku moja, andika namba zote mbili. Kisha andika saa ulizolala kweli usiku uliopita (siyo ulizokaa kitandani), kama umemeza dawa, na jambo kubwa la siku hiyo kama lipo.

Wengi hujaza mwezi mzima kwa mkupuo mmoja, ndani ya daladala wakija kliniki. Tunazijua karatasi hizo: wino mmoja, mwandiko umeyumba mahali pamoja, usingizi saa 8 kila siku na hisia 0 kuanzia juu hadi chini. Afadhali utuletee yenye mapengo. Pengo nalo linasema kitu, maana anayepanda mara nyingi huacha kujaza kwa kuwa anajiona mzima kuliko wote.

Tulikuwa na fundi cherehani mmoja, ambaye tumebadilisha baadhi ya mambo yake asitambulike. Ramadhani moja alituletea chati ya namna hiyo, sifuri tupu. Kabla ya Idi nduguze walimleta kwa bajaji wamemshika huku na huku, ameshakopa majora ya vitambaa ambayo duka lake lisingeyamaliza kwa mwaka. Gharama ya kulazwa ilizidi mbali ada ya mahudhurio yake yote.

Ramadhani iliyofuata alijaza kila siku. Jumatatu: usingizi saa 7, hisia 0. Alhamisi: saa 5, hisia bado 0, oda za kanzu zimeongezeka, anashona mpaka daku. Ijumaa: saa 4, hisia +1, na pembeni kaandika "sijachoka". Jumamosi saa 4 tena, yeye kaandika +1, kaka yake kaandika +2. Tazama usingizi ulivyotangulia na hisia zikafuata nyuma. Na neno "sijachoka" lilitushtua kuliko namba zote. Mtu aliyekosa usingizi kwa mawazo huamka amechoka. Anayepanda hulala kwa saa 4 tu akaamka na nguvu tele. Tulikuwa tumeshakubaliana naye mapema kwamba usiku mbili mfululizo za namna hiyo asingoje tarehe, apige simu. Alipiga Jumamosi hiyohiyo. Daktari akarekebisha dawa yake ya usiku, cherehani ikafungwa saa 4 usiku, oda nyingine akapewa fundi jirani. Jumanne alilala kwa saa 6 na nusu.

(Anayetumia dawa ya lithiamu aongee nasi kabla ya kuanza kufunga, asingoje katikati ya mwezi. Mwili ukipungukiwa maji, lithiamu hupanda kwenye damu hadi kuwa sumu.)

Ratiba ya siku inahusika hapohapo. Ellen Frank na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh walijenga tiba nzima juu ya kushika saa ileile kila siku kwa mambo matano: kuamka, kukutana na mtu wa kwanza, kuanza kazi, kula chakula cha jioni, kulala. Hutakiwi kufuata saa kama jeshini. Kupishana kwa dakika 45 hivi kunavumilika. Sisi tunaanza na kuamka tu, Jumapili ikiwemo, kwa sababu saa ya kulala huwezi kuilazimisha. Mlinzi wa usiku au nesi wa zamu atuambie mapema, kwake mpango ni mwingine.

Mchague pia mtu mmoja wa nyumbani awe na chati yake anayojaza jinsi anavyokuona wewe. Msigombane namba zikitofautiana, zileteni zote mbili.

Chati haitibu, wala si ruhusa ya kujipunguzia dozi kwa kuwa umeona sifuri nyingi. Na ukifika +3, au ukianza kuwaza kujiua, usijaze chochote. Njoo siku hiyohiyo, au nenda hospitali iliyo karibu na mtu wa kukusindikiza.